Moja Dhaifu: Transista ya NMOS na Lango la Upitishaji

Swali ambalo wanafunzi wa elektroniki hulirudia mara kwa mara ni hili: ikiwa geti ya transista ya NMOS imepewa volti 2.5, na upande wake wa kuingilia nao umepewa volti 2.5, kwa nini upande wa kutokea hufika takribani volti 1.8 tu, ilhali volti 0 hupita bila kasoro? Swali hili huhusu mantiki ya transista za kupitisha, yaani mtindo wa saketi ambamo transista huwa swichi inayopitisha ishara yenyewe, badala ya kuunganisha tokeo na chanzo cha umeme au na ardhi.

Jibu limo katika jambo moja: transista ya NMOS haifunguki kwa volti ya geti peke yake, bali kwa kiasi ambacho geti inaizidi sosi, na sosi ni ule upande wenye volti ndogo kati ya pande mbili za transista. Kiasi hicho kisipozidi volti ya kizingiti, mfereji wa elektroni chini ya geti hauundiki. Sasa, ishara inayopitishwa ikiwa 0, sosi ni upande wa kuingilia, nao umetulia kwenye volti 0, hivyo geti inaendelea kuizidi kwa volti 2.5 hadi tokeo limemwaga chaji yake yote. Ishara ikiwa 1, mambo hugeuka, kwa kuwa upande wenye volti ndogo ni tokeo lenyewe, na kila linapopanda ndivyo linavyopunguza ile tofauti inayoiacha transista wazi.

Ndivyo linavyofanya kazi boya la tanki la maji. Maji yanapoingia hulinyanyua boya, na boya linaponyanyuka huibana koki, kiasi kwamba maji yanayojaza tanki ndiyo yanayojizibia njia. Mwanzoni huingia kwa kasi, kisha kwa unyonge, na mwishowe husimama chini ya ukingo hata kama bomba la nje lina shinikizo kubwa. Tanki hilo likiondolewa maji kupitia koki ileile, boya hushuka na koki huzidi kufunguka, kwa hiyo hakuna kinachozuia tanki kukauka kabisa.

Upungufu huo huongezwa na kizingiti chenyewe, ambacho hakibaki palepale. Kiwiliwili cha silikoni kimeunganishwa na ardhi, na sosi inapopanda juu yake, geti hulazimika kutumia volti zaidi ili kuunda mfereji. Kwa mfano, katika transista ambayo kizingiti chake ni volti 0.43 sosi inapokuwa ardhini, kizingiti kwa tokeo V kinaweza kuandikwa hivi:

```
VT = 0.43 + 0.4 (√(0.6 + V) − √0.6)
```

Tokeo husimama pale ambapo V inalingana na 2.5 − VT. Hesabu hiyo hutoa kizingiti cha takribani volti 0.74 na tokeo la volti 1.76.

Moja hiyo dhaifu ikipelekwa kwenye kigeuzi, yaani saketi inayogeuza 1 kuwa 0, transista yake ya PMOS, ambayo hufunguka geti inapokuwa chini ya sosi, hubaki na tofauti ya volti 0.74. Ikiwa kizingiti chake ni volti 0.4, haifungi sawasawa, na dalili yake ni mkondo wa umeme usiokoma hata saketi ikiwa imetulia. Volti 1.76 ikitumiwa kuendesha geti ya transista nyingine ya kupitisha, hasara hurudiwa na tokeo jipya huishia takribani volti 1.12.

Dawa yake ni lango la upitishaji, ambalo ni NMOS na PMOS zilizowekwa sambamba, huku geti zao zikipewa ishara zinazopingana ili zifunguke na kufunga pamoja. PMOS ina udhaifu wa kinyume, kwa kuwa hupitisha 1 kamili na kuidhoofisha 0. Basi NMOS inapokaribia kujifunga wakati wa kupanda, PMOS huendelea hadi volti 2.5, na wakati wa kushuka NMOS humaliza kazi. Chipu ya 4066 ina swichi nne za aina hii. Gharama yake ni transista ya ziada na ishara ya pili ya kuiendesha.

Kwa hiyo tokeo la NMOS moja linaweza kuendelea kupitia NMOS nyingine ambazo geti zao zina volti kamili, bila kupoteza kizingiti cha pili, lakini lisiendeshe geti ya transista nyingine ya kupitisha; na pale 1 kamili inapohitajika, litumike lango la upitishaji.