Basi la Masoro na dakika 15 zilizokataa hesabu

Kijana mmoja anayefanya kazi Masoro, kwenye viwanda vya eneo maalumu la kiuchumi la Kigali, alinitumia picha ya ukurasa wa daftari lake. Kwa siku tano alikuwa ameandika dakika alizosubiri gari la abiria: 2, 3, 1, 4, 15. Alitaka kujua magari hupishana kwa dakika ngapi.

Tuchukulie yanapishana kwa muda uleule, tuuite θ, naye hufika kituoni bila kutazama saa. Kusubiri kwake kutaangukia popote kati ya 0 na θ, bila sehemu kupendelewa, na kwa hiyo wastani wake ni θ/2.

Mbinu ya momenti, aliyoianzisha Karl Pearson mwaka 1894, inalinganisha wastani huo wa nadharia na wastani wa daftari. Jumla ni 25, wastani ni 5, kwa hiyo θ ni 10. Kijana alishangilia. Nikamwuliza: kama gari hupita kila dakika 10, siku ile ulisubirije 15?

Hesabu haikukosewa. Mbinu inatazama wastani peke yake, na wastani haukumbuki kwamba kuna siku ya dakika 15.

Ronald Fisher, ambaye mwaka 1922 aliikosoa mbinu ya momenti, aliuliza swali jingine: ni θ ipi ingefanya namba hizi tano zitokee kwa urahisi zaidi? Urahisi huo hapa ni 1/θ⁵, lakini ni sifuri kwa θ yoyote iliyo chini ya 15. Kadiri θ inavyokua, sehemu hiyo inapungua: kwenye 20 imeshabaki takribani robo ya ilivyo kwenye 15. Jibu lake basi ni 15, yaani namba kubwa kuliko zote.

Nalo lina kasoro yake. Siku tano ni chache, na kusubiri kurefu kabisa ni nadra kukuangukia, kwa hiyo jibu hili huelekea kupungua. Wanatakwimu hulizidisha kwa 6/5, wanapata 18. Hapo ndipo ningesimama mimi, kwa sababu kwa sampuli ya tano kikadirio hiki huyumba kidogo kuliko kile cha wastani: tofauti ya mraba ni θ²/35 dhidi ya θ²/15.

Ila 18 imeegemea tarakimu moja tu. Nilikuza picha. Ile 5 ya 15 ilikuwa na kivuli cha kidole, ingeweza kuwa 3. Ikiwa ni 13, jibu la Fisher linashuka hadi 13, na la wastani 9.2. Nikiisoma ile 4 kuwa 9, la Fisher halitikisiki, huku la wastani likipanda hadi 12. Na foleni ikiyakusanya magari matatu pamoja, hata ile dhana ya mpishano sawa haipo tena.

Nilimwomba apige picha tena, mchana, daftari likiwa juani.