Klorini Moja Iliyokosa Nafasi

Mwaka 2001 Tanzania Bara ilifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Mwaka 2006 nafasi hiyo ikachukuliwa na dawa mseto, ALu. Sehemu ya kisa hicho imejificha ndani ya kimeng'enya kiitwacho DHFR, ambacho kimelea hukihitaji ili kutengeneza DNA.

Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo katika SP, huingia kwenye mfuko wa kimeng'enya hicho na kukiziba. Upande mmja wa molekuli una naitrojeni zinazoshikana na asidi amino namba 54, mkono kwa mkono. Upande wa pili ni pete ngumu ya kaboni yenye atomu ya klorini nchani.

Klorini hiyo hukaa jirani na asidi amino namba 108. Kwa kimelea cha kawaida hapo pana serini, ambayo ni ndogo. Mabadiliko ya jeni yakiweka asparajini, iliyo kubwa zaidi, klorini inagongana nayo na dawa haikai sawasawa.

Je, klorini ikisogezwa? Wanakemia waliihamisha kutoka nchani hadi pembeni mwa pete, atomu zile zile, na dawa ikashika vizuri zaidi kimeng'enya kilichobadilika. Watafiti wa Thailand walikwenda mbali zaidi: katika molekuli ya P218 waliweka mnyororo unaopindika, ukaikwepa asparajini kama mtu anayejipenyeza ndani ya daladala iliyojaa.