Kipindi Chako Kwenye Simu: Kuhesabu Kabla ya Kuhukumu

Mwalimu aliye ubaoni hasikii ukimya wake mwenyewe. Akishauliza swali, sekunde moja humwonekea ndefu, naye hujibu mwenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine bila kujua kwamba amefanya hivyo. Kipindi kikiisha, anachokumbuka ni mikono iliyoinuliwa na jibu sahihi la mwisho. Video ya simu humwonyesha yale aliyoshindwa kuyaona akiwa kazini, ila lazima ajue mapema anatafuta nini.

Kurekodi kwenyewe hakuna ugumu. Kwanza mkuu wa shule na wazazi waridhie, kwa kuwa watoto wataonekana. Simu huwekwa kwenye kona ya mbele, juu ya kabati au kwenye ukingo wa dirisha, ikiwaelekea wanafunzi kuliko ubao. Mitandao huzimwa ili simu isiingie katikati ya kipindi. Watoto huigeukia simu na kuichekea mara ya kwanza, hivyo siku ya kwanza iwe ya kuwazoesha tu.

Ugumu upo kwenye kutazama. Wengi wakijiona mara ya kwanza hushughulika na sauti yao, tumbo lao na jinsi wanavyotembea. Hilo ni la kawaida, na dawa yake ni kutazama mara moja kwa ajili ya hayo, kisha kuanza upya na karatasi mkononi. Karatasi hiyo isiwe na maswali kama “Je, somo lilivutia?”, ambalo kila mtu hujijibu apendavyo. Iwe na mambo matatu yanayohesabika: nani alijibu, mwalimu alisubiri sekunde ngapi baada ya kuuliza, na jibu lenye kosa lilifanywa nini.

Chukulia mfano wa kipindi cha Hisabati, darasa la tano, dakika 40, wanafunzi 60, mada ikiwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mwalimu anachora ramani ya madawati na kutia alama kila mwanafunzi anapojibu. Amehesabu maswali 24. Kati ya hayo, 15 yamejibiwa na darasa zima kwa pamoja, na sita kati ya hayo 15 ni “Mmeelewa?” likifuatwa na “Ndiyooo!” Tisa yaliyobaki yamejibiwa na mtu mmoja mmoja, na alama saba zimesongamana kwenye madawati mawili ya mbele. Safu ya dirishani haina hata alama moja. Mwalimu huyo angeapa kwamba alizunguka darasa zima.

Kisha anapima kusubiri kwa saa ya simu nyingine. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu. Wakifikisha tatu, majibu huwa marefu zaidi na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Aliona pia kuna kusubiri kwa pili, baada ya mwanafunzi kujibu, ambako husahaulika zaidi.

Jambo la tatu ndilo lenye faida kubwa. Dakika ya 22 mwanafunzi anaulizwa 1/2 + 1/3, naye anajibu 2/5. “Hapana. Mwingine!” Wa mbele anasema 5/6, darasa linapiga makofi, somo linaendelea. Kwenye video, aliyekosea anaonekana akifuta daftari lake haraka. Amejumlisha viasi kwa viasi na asili kwa asili, na hakuna aliyemwonyesha kwamba 2/5 ni ndogo hata kuliko 1/2 aliyoanza nayo. Pengine wengine 20 wamefanya vivyo hivyo, wakaitikia “Ndiyooo”.

Kinachofuata ni kubadili kitu kimoja tu, si vyote vitatu. Mwalimu huyu anaweza kuamua kuuliza kwanza, kuhesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo ataje jina. Akitaja jina kabla ya swali, wengine 59 hupumzika. Baada ya wiki mbili anarekodi tena na kuhesabu kitu hichohicho. Maswali yanaweza kupungua, na hilo si hasara, kwa kuwa kusubiri hula muda.

Video ina upofu wake. Haioni kilichoandikwa kwenye daftari, wala kelele za darasani haziruhusu kusikia minong’ono ya madawati ya nyuma. Kwa hiyo siku hiyohiyo mwalimu hukusanya madaftari machache kutoka kwenye safu isiyo na alama, akatafute 2/5 humo. Hesabu ikishaandikwa, video hufutwa kwenye simu.