Jahazi Moja, Muhuri na Bango

Akina mama wauza samaki waliniletea karatasi ya daftari. Binti wa mmoja wao alikuwa amechora jahazi kwa penseli: tanga limejaa upepo, foromali imekaa mshazari, na chini mawimbi mawili. Walitaka jahazi hilohilo likae kwenye muhuri wa risiti kwa upana wa sentimita 3, na kwenye bango la barabarani kwa upana wa mita 3. Yaani tofauti ya mara mia moja.

"Mwanangu, kwani picha ya simu haitoshi?" aliuliza mwenyekiti wao.

Nilimwonyesha kwa hesabu. Mchoro wake una upana wa sentimita 10. Skana ya nukta 300 kwa inchi huugawa katika nukta kama 1,180 tu kutoka upande hadi upande. Zikitandazwa kwenye mita 3, kila nukta inakuwa na upana wa milimita 2.5, na ukingo wa tanga unageuka ngazi. Isitoshe, penseli ina rangi ya kijivu na chembechembe za karatasi, ilhali muhuri unajua mambo mawili tu: pana wino au hapana.

Mchoro wa vekta hauhifadhi nukta za rangi. Unahifadhi maelezo ya mstari: umeanzia hapa, umeishia pale, umepinda hivi. Kompyuta huuchora upya kila unapobadilisha ukubwa, kwa hiyo ukingo hubaki laini. Hesabu ya mipindo hiyo inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kubuni mabodi ya magari katika miaka ya 1960. Kila mpindo una nukta mbili za mwisho, na kila nukta ina mkono unaovuta mstari upande fulani.

Nilitumia Inkscape, programu ya bure. Ina amri ya `Trace Bitmap` inayofuatisha picha yenyewe, nami niliijaribu kwanza. Matokeo yalikuwa yale ninayoyaona kila mara kwenye kazi ya penseli. Programu haijui kwamba huu ni mstari. Inaona doa jeusi refu, ikazungushia kingo zake zote mbili. Kila mtetemeko wa mkono ukawa nukta, na tanga peke yake likajaa nukta nyingi mno. Ukitaka kulijua kosa hili, washa mwonekano wa `Outline` kisha kuza sehemu moja: nukta zinapobanana kama siafu, mstari una vinundu, na vinundu hivyo vitaonekana kwenye bango.

Basi nikaiweka picha chini, nikaififisha na kuifunga isisogee, nikachora upya juu yake kwa kalamu ya programu. Tanga lina pembe tatu, nami nikaweka nukta tatu tu, moja kila pembe. Tumbo la upepo lilitokana na mikono. Kwa mpindo mpole, mkono wenye urefu wa theluthi moja hivi ya mpindo hutosha. Ukizidi sana, tanga linavimba kama puto. Ubavu wa jahazi ulihitaji nukta nne. Hapa sikufuata penseli kwa utumwa: pale mkono wa binti ulipotetemeka niliunyoosha, lakini omo aliyoichora imeinuka kupita kawaida niliiacha, kwa sababu ndiyo sura ya jahazi lake.

Kisha nikatumia `Stroke to Path`, amri inayogeuza mstari kuwa umbo lililojazwa rangi. Usipofanya hivyo, unene wa mstari unaweza kubaki uleule mchoro unapokuzwa, na mlingoti wa bango ukawa uzi.

Lakini ulaini wa ukingo hauzuii wino. Niliuchapa mchoro kwenye karatasi kwa upana wa sentimita 3, nikautazama kwa umbali wa kusomea. Pengo kati ya mlingoti na tanga, lililokuwa milimita 1 kwenye mchoro wa sentimita 10, sasa lilikuwa milimita 0.3. Kwenye mpira uliolowa wino, pengo la namna hiyo huziba, na jahazi likawa doa. Nikalipanua hadi milimita 3, ili kwenye muhuri libaki karibu milimita 0.9. Mawimbi mawili nayo yalikuwa yamegusana. Kwa ajili ya muhuri nikatengeneza nakala yenye wimbi moja nene. Bango likabaki na yote mawili.

Mwenyekiti aligonga muhuri mara tano mfululizo kwenye kitabu cha risiti, akainamia ule wa tano. Mwanga bado ulipita kati ya mlingoti na tanga.