Tarehe za Histori Zinakuruka Kwa Mtihani? Zipange Kwa Karatasi Moja

Unaingia kwa pepa ya histori, swali linakuambia ueleze safari ya Kenya hadi uhuru, na hapo ndo akili inablanki. Unajua Thuku alikamatwa. Unajua kulikuwa na Emajensi. Lakini nani alitangulia na ni mwaka gani, manze, yote ni supu. Ukiweka 1954 mahali pa 1952, hoja zako zote zinaanza kuenda mrama, ju matokeo yanatokea kabla ya chanzo.

Shida mara nyingi iko kwa vile handauti zimepangwa. Leki anazigawa kwa mada: moja ni ya reli, nyingine ya vyama, nyingine ya Mau Mau, nyingine ya katiba. Kila moja inaanza upya na miaka yake, so kichwani unabaki na stori nne ambazo hazijawahi kukutana. Dawa ni karatasi moja ya ratiba ya matukio. Wacha tuitengeneze pamoja, kutoka 1895 hadi 1964.

Kwanza, vuna tarehe

Chukua karatasi ya rafu, pitia handauti moja baada ya nyingine, na uandike mwaka, tukio kwa maneno matatu au manne, na namba ya handauti. Hio namba usiiruke. Itakuokoa handauti mbili zikibishana.

Na zitabishana. Moja inaweza kukuambia KAU ilianza 1944, nyingine ikuandikie 1946. Usikate moja kwa hasira. Chama kilianzishwa 1944, kikabadilishwa jina kuwa KASU, halafu 1946 kikarudia jina la KAU. Zote mbili ziko sawa, ila zinazungumzia vitu tofauti. Kwa karatasi yako weka 1944, mwaka wa kuzaliwa.

Ukimaliza utakuwa na tarehe kibao. Punguza. Ibaki tu ile tarehe ambayo ukiitoa, inayofuata haieleweki. Sisi tutabaki na 18.

Pili, kata kwa enzi, si kwa miaka kumi kumi

Wasee wengi wanakata 1900 hadi 1910, 1910 hadi 1920. Histori haijui kalenda yako. Kata pale sheria za mchezo zilibadilika. Kwa stori hii tunapata vipande vinne:

- 1895 hadi 1919, Reli na Mapigano: 1895, 1896, 1899, 1901, 1905
- 1920 hadi 1943, Koloni na Malalamiko: 1920, 1922, 1923, 1924
- 1944 hadi 1959, Kiti na Msitu: 1944, 1952, 1954, 1957
- 1960 hadi 1964, Ngazi: 1960, 1961, 1962, 1963, 1964

Hakuna kipande chenye zaidi ya tarehe tano. Zikifika saba au nane, jua umejaza, punguza ama ukate tena.

Tatu, ndoano ibebe namba

Hapa ndo watu wanaanguka. Msee anachora gari la moshi kando ya 1899, anadhani ameshika. Picha ya gari la moshi inakukumbusha reli, haikukumbushi 99. Ndoano nzuri lazima ikuletee namba yenyewe.

Enzi ya kwanza: 1895 Waingereza wanatangaza himaya, na Wanandi wanaanza kupigana nao. Vita vya Wanandi vinaenda miaka kumi kamili, hadi Koitalel arap Samoei anauawa 1905. Umeshika tarehe mbili kwa hesabu moja. Reli inaanza Mombasa 1896. Pindua ile 6 kichwa chini, unapata 9: 1899, reli imefika Nairobi. Inafika ziwani Kisumu 1901, mwaka wa kwanza wa karne mpya.

Enzi ya pili: 1920 Kenya inakuwa koloni. 1922 Harry Thuku anakamatwa, na zile 2 mbili ni pingu, moja kwa kila mkono. 1923 ni Waraka wa Devonshire. Soma 2 na 3: wawili walikuwa wanang'ang'ania, masetla na Wahindi, halafu waraka ukasema maslahi ya wa tatu, Mwafrika, ndio yanatangulia. 1924 inazaliwa KCA, miaka miwili baada ya Thuku kukamatwa.

Enzi ya tatu: 1944 ina 4 mbili, moja ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kupata kiti kwa Baraza la Kutunga Sheria, moja ya KAU. 1952 ni Emajensi. Karata kamili bila joka ni 52, na hapo serikali ilimwaga zote mezani. Siku yenyewe unaijua, 20 Oktoba, sai tunaiita Mashujaa Dei. Ongeza miaka miwili tena, kama kwa Thuku: 1954 ni Operesheni Anvil, msako mkubwa wa Nairobi. 1957 Dedan Kimathi ananyongwa Februari, na Machi Waafrika wanachagua wabunge wao kwa mara ya kwanza. Kimathi alikosa uhuru kwa miaka sita: 63 toa 6.

Enzi ya nne tumia vidole. Kidole gumba ni 60: Emajensi inaisha, mkutano wa kwanza wa Lancaster unafanyika. 61, Kenyatta anaachiliwa. 62, Lancaster ya pili. 63, Madaraka 1 Juni na uhuru 12 Desemba. Kidole cha mwisho ni 64, Jamhuri, pia 12 Desemba. Hizo mbili za mwisho ndo mtego: siku ni moja, mwaka ni tofauti.

Nne, mishale na jaribio

Ndoano inakupa namba, haikupi sababu, na maksi ziko kwa sababu. So chora mshale mmoja au miwili kwa kila enzi na uandike neno juu yake. Kwa mfano, kutoka 1920 hadi 1922 andika "kipande, kodi, mishahara kukatwa", ju hayo ndo Thuku alikuwa analalamikia.

Sasa geuza karatasi. Kwa karatasi tupu chora vipande vinne, andika majina ya enzi, halafu jaza miaka bila kuchungulia. Sahihisha na kalamu nyekundu. Mwaka uliokosea mara mbili, tatizo si wewe, ni ndoano: tupa, tafuta ingine. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu. Kusoma karatasi mara kumi kunakudanganya, macho yanaizoea tu na unadhani umeishika.

Na hii si mwakenya. Iache nyumbani. Siku ya pepa, dakika mbili za kwanza, chora vile vipande vinne pembeni ya karatasi ya rafu kama mmeruhusiwa. Halafu ndo usome swali.