Nani anakwepa? Isomeni meseji yote ya ada na kumwona mtoto

Wadau, hapa Sirari wazazi wengi walioachana wanaleana watoto kwa WhatsApp. Wakigombana kila mmoja anakuja na simu yake, "hebu soma uone alivyo huyu!" Ukisoma kwa haraka unampa kosa mwenye matusi. Mara nyingi hapo ndipo unapopotea, maana anayekwepa huwa na lugha nzuri tu.

Tuchukue mfano (nimeutunga, ila mtautambua). Januari tarehe 4 Mama Chacha anaandika: "Shule inafungua 13. Awamu ya kwanza laki tatu, nusu yako laki na nusu." Baba Chacha anajibu: "Sawa mama, Mungu ni mwema, nitajitahidi. Nitumie akaunti ya shule nilipe mwenyewe." Saa hiyohiyo akaunti inatumwa. Tarehe 12 anakumbushwa, anajibu: "Kwanza kwa nini mtoto simwoni?" Tarehe 15: "Nitumie akaunti ya shule." Tarehe 20: "Nimetuma tano." Mama hapo anaporomosha matusi ya kutosha.

Sasa chukua karatasi, andika tarehe, kilichoombwa, kilichojibiwa na kilichofanyika. Acha matusi, acha na "Mungu ni mwema". Kuomba akaunti tarehe 4 ilikuwa haki yake kabisa, mzazi anayelipa shuleni moja kwa moja anajilinda. Kuiomba tena tarehe 15 wakati iko palepale juu ni kununua muda. Na "nitajitahidi" haina kiasi wala siku, kwa hiyo kwenye safu ya kilichofanyika unaandika sifuri. Angesema "sina yote, elfu hamsini tarehe 25", huyo amepungukiwa, hajakwepa. Tofauti ni kubwa.

Hiyo "tano" nayo ina mambo yake hapa mpakani. Elfu tano ya Kenya ni kama laki moja ya kwetu, elfu tano ya Tanzania haifikishi hata daftari za muhula. Usihukumu mpaka uone meseji ya muamala. Na uliza kama mtu ana laini mbili, ya huku na ya Isebania, maana nusu ya mazungumzo inaweza kuwa kwenye namba nyingine.

Lakini msimpe mama ushindi bado. Rudi Novemba na Desemba kwenye chati hiyohiyo. Baba anaandika: "Jumamosi saa nne namchukua, Jumapili jioni namrudisha." Anajibiwa mtoto ana mafua. Wiki inayofuata, kuna msiba. Ya tatu: "Leta ada kwanza." Mafua na msiba vinaweza kuwa kweli, watoto wanaugua bwana. Kinachomuumbua ni kwamba hakuna hata mara moja aliyosema "basi njoo Jumamosi ijayo". Anayekataa kwa sababu ya kweli huwa anatoa siku nyingine. Baba alitoa siku, saa na muda wa kumrudisha. Upande huo yeye ndiye aliyetimiza.

Kwa hiyo hapa wanakwepa wote wawili, kila mmoja jambo lake, na kila mmoja anatumia kosa la mwenzake kama kisingizio. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayaweka maombi ya matunzo na maombi ya kumwona mtoto kuwa mambo mawili. Ada si tiketi ya kumwona mtoto, na kunyimwa mtoto hakufuti ada.

Kuna hoja ya "shule ni bure" pia. Ni kweli, tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, ila sare na daftari bado zinanunuliwa. Kama mtoto yuko shule binafsi, pandisha chati mpaka siku alipoandikishwa. Baba aliandika "sawa mpeleke"? Basi hawezi kuruka leo. Kama mama aliamua peke yake, baba ana la kujitetea kwenye ada, ila si kwenye chakula na mavazi.

Screenshot msiziamini sana, zinakatwa. Kwenye simu nyingi za Android fungua chati, bonyeza vidoti vitatu, More, kisha Export chat, upate mazungumzo yote na tarehe zake. Palipofutwa angalia kabla na baada. Na chati haioneshi pesa iliyotolewa mkononi, yaliyosemwa kwa simu wala kilo za unga zilizopelekwa na bodaboda, kwa hiyo muulize kila mmoja kabla ya kujumlisha.

Ile karatasi ya safu nne pelekeni Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Afisa ataanza na shilingi na siku, na mkifika Mahakama ya Watoto kipato cha wazazi wote wawili kitaangaliwa, si cha baba peke yake.