Jeneza Lisiloanguka

Mwaka 1993, kijana aliyeuza dukani huko Leonardo, New Jersey, aliamua kutengeneza filamu ndani ya duka hilohilo. Kevin Smith alikuwa na dola 27,575 tu, na mchana duka lilihudumia wateja, kwa hiyo kamera ingewashwa usiku peke yake. Tatizo ni kwamba hadithi yake, *Clerks*, inatokea mchana.

Taa za kuigiza jua hakuwa nazo. Alichofanya ni kuandika mstari: mtu kachomeka ubani wa kutafuna kwenye kufuli, na vile vifuniko vya chuma vya madirisha havifunguki siku nzima. Mhusika mkuu, Dante, analalamika, anatundika shuka lenye maandishi kwamba duka liko wazi, na mtazamaji hajiulizi tena nje kukoje. Wateja nao walipopungua, rafiki yake Walter Flanagan aliigiza zaidi ya mmoja.

Lakini funzo kubwa liko kwenye sini ya msiba. Katika skripti, Dante na mwenzake Randal wanaingia kwenye nyumba ya maiti, na Randal anaangusha jeneza. Hesabu yake inauma: ukumbi wa kukodi, waombolezaji, jeneza, maiti ya kuigiza. Smith hakuipiga. Kwenye filamu tunawaona wawili hao wakienda, kisha wakitoka mlangoni mbio kuelekea garini, wakilaumiana kuhusu jeneza. Ukumbi hatuuoni, na kicheko kinabaki palepale, maana tangu mwanzo kilikuwa kwenye ubishi wao.

Hapo ndipo waandishi wengi wanapokosea. Wanapunguza kwa kuangalia bei, wakati swali la kwanza ni hili: katika sini hii, nani anaamua nini? Tukio linaweza kutolewa machoni mwa mtazamaji. Uamuzi wa mhusika ukitolewa pamoja nalo, filamu inabaki na tundu.

Tuseme mwandishi wa Dar es Salaam ana sini hii. Musa, dereva wa bodaboda, anamgonga mzee Kariakoo magharibi ikiingia. Umati unamzonga, polisi wanafika, mzee anakimbizwa hospitali, daktari anatoka na kutikisa kichwa. Ukihesabu, ni lokesheni mbili, waigizaji watano wenye maneno, watu thelathini wa kujaza barabara, na ajali ambayo bila mtaalamu inaweza kumvunja mtu mguu kweli. Timu ni watu watano. Kuhama tu kutoka barabarani hadi hospitali, kufungasha na kufungua vyombo, kunaweza kula nusu siku.

Jaribio la kwanza huwa baya. Musa anaingia uani kwao na kumwambia dada yake, "Nimemgonga mzee Kariakoo, watu wakataka kunichoma, nikakimbia." Gharama imeshuka, sawa, ila hiyo sasa ni taarifa ya habari. Dalili yake ni rahisi: funika picha, sikiliza sauti peke yake. Usipopoteza kitu, sini bado haijaandikwa.

Jaribio la pili linamrudisha Musa uani akisukuma pikipiki, kioo cha pembeni kimepinda. Anachota maji, anaosha gurudumu la mbele ambalo halina tope. Zuhura anaanua nguo.

"Kaka, leo umerudi mapema."

"Abiria hakuna."

"Na hiyo kandambili ya nani?"

Imenasa kwenye bampa: kandambili moja, ya mguu wa mtu mzima. Simu ya Musa inaita juu ya ndoo. Zuhura anaitazama, kisha anamtazama yeye.

Waigizaji wamebaki wawili na ua mmoja. Kwenye skripti ya zamani Musa aliamua barabarani, akimbie au abaki. Sasa anaamua mbele yetu: apokee simu au asipokee. Umati haukuwa na kazi nyingine zaidi ya kumsukuma hadi hapo, na kandambili inaifanya kazi hiyo.

Njia hii haifai kila mahali. Filamu iliyowaahidi watu pigano la mwisho haiwezi kulisimulia uani, watadai chao. Na sini ikibadilika, skripti nzima isomwe upya. Yule daktari aliyefutwa anaweza kuibuka ukurasa wa sitini akisalimiana na Musa kama mtu anayemjua.

Kilichobaki ni ununuzi mdogo. Kandambili ziwe jozi mbili za rangi moja, zilizochakaa sawasawa, kwa kuwa sini ikirudiwa ile ya kwanza itakuwa imeshalowa.